Kukata kulia huku watu wakivuka: nani asubiri?

*"Mwalimu, juzi karibu na Marikiti nilikuwa nakata kulia kuingia barabara ndogo. Akina mama wawili wenye vikapu walikuwa wameshaanza kuivuka, na hapakuwa na zebra. Nikasimama, matatu ya nyuma ikanipigia honi. Kati yangu na wao, nani alipaswa kusubiri?"*

Ulipaswa kusubiri wewe, na ulifanya hivyo. Dereva anayeacha barabara aliyomo ili aingie nyingine humpisha yule aliyekwisha kuanza kuivuka hiyo anayoiingia, iwe pana zebra au hapana. Zebra ina kanuni yake. Hii inatokana na kukata kona kwenyewe.

Ugumu wa kukata kulia ni mahali pa kusubiri. Madereva wengi huyakazia macho magari yanayokuja mbele, wakiona mwanya huingia kwa kasi, kisha hukuta watu katikati ya njia. Hapo huwa wamenaswa: wakisimama, gari limekingama mbele ya magari yanayokuja, wasiposimama, wanamgonga mtu. Kwa hiyo mdomo wa barabara ndogo utazamwe kabla ya mwanya. Ikiwa watu hawajamaliza kuvuka, baki karibu na mstari wa katikati, kiashirio kikiwaka na magurudumu yakiwa yamenyooka, kwa sababu ukigongwa kwa nyuma huku umeshakunja usukani, gari litasukumwa moja kwa moja kwenye njia ya wanaokuja.

Hesabu ya kusubiri si kubwa. Barabara ya mita 7, kwa mwendo wa kawaida wa mita 1.2 kwa sekunde, huvukwa kwa takriban sekunde 6. Mwenye kikapu kizito huenda akahitaji zaidi. Kwa upande wako, kilomita 20 kwa saa huonekana mwendo wa kobe, lakini gari husonga zaidi ya mita 5 katika sekunde moja, nayo huweza kwisha kabla mguu haujafika kwenye breki.

Kuna hatari nyingine ambayo wanafunzi huwa hawaiamini mpaka niwaonyeshe gari likiwa limesimama. Nguzo iliyo kati ya kioo cha mbele na mlango wa dereva humficha mtu mzima. Unapokunja kulia, nguzo hiyo huzunguka upande uleule anakoelekea mtu aliyetoka kona ya mbali akija upande wako, hivyo anaweza kubaki nyuma yake karibu muda wote wa kona. Inamisha kiwiliwili mbele, kisha kirudishe nyuma, kabla ya kuachia breki; kugeuza shingo peke yake hakutoshi.

Dereva wa mbele akikuwashia taa upite, amekupa nafasi yake tu, kwani huenda hata hawaoni wanaovuka. Honi ya nyuma nayo haina uzito: mwenye matatu alikuona umesimama, ila kutoka alipokuwa pengine hakuviona vile vikapu.