Hesabu za matone ya dripu: anza na saa moja kwanza

Mi hizi hesabu zilinipa sapu mwaka wa kwanza, na kanuni nilikuwa naijua vizuri tu, mililita zidisha na matone ya seti halafu gawanya kwa dakika. Swali lenyewe jepesi: nomo salaini lita 1 iingie kwa masaa 8, seti inatoa matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Nikaandika 1000 × 20 ÷ 8, nikapata 2500, nikapigia na mistari miwili chini. Matone 2500 kwa dakika jamani, hiyo si dripu tena ni bomba la maji limepasuka! Nilisahau tu kugeuza masaa 8 kuwa dakika 480.

Aliyenitoa hapo ni dada mmoja nesi nilipoenda fildi, akaniambia "mdogo wangu, achana na matone kwanza, saa moja inaingia ngapi?" 1000 gawanya kwa 8 ni 125. Haya, saa ina dakika 60 na seti ni ya 20, 60 gawanya kwa 20 ni 3, kwa hiyo chukua 125 gawanya kwa 3 unapata 41.67, unaandika 42 maana nusu tone huwezi kulihesabu. Seti ya damu ikiwa ni ya 15, hapo unagawanya kwa 4. Ile ya matone madogo ya watoto ni ya 60, hugawanyi chochote, mililita za saa ndo matone ya dakika. Yaani maji yaleyale, 125 kwa saa, yanaweza kuwa matone 42, 31 au 125 kutegemea seti tu, ndo maana namba ya kwenye pakiti lazima uisome, usikariri 20.

Swali lingine linalowakamata watu ni la dripu iliyochelewa. Ileile lita 1, umerudi baada ya masaa 3 unakuta zimebaki mililita 700, wakati zilitakiwa zibaki 625. Wengi wanaanza tena na 1000, hapana, tumia kilichobaki: 700 kwa masaa 5 ni 140 kwa saa, gawanya kwa 3 ni 46.67, andika 47. Kwenye mtihani umemaliza, ila wodini usikimbilie kufungua rola, angalia kwanza mkono haujakunjwa au pale kwenye kanyula hapajavimba, na umwambie inchaji, maana mgonjwa wa moyo au figo huwezi kumharakishia maji hivihivi.

Na ukishaseti hiyo 47, simama na saa yako uhesabu kwenye chemba dakika nzima, mi nilikuwa nahesabu sekunde 15 nazidisha kwa 4, sasa ukikosea tone moja tu tayari umekosea manne.