Matanuri mawili ya chokaa yakiungana, anayecheka ni wa tatu

Swali: "Wakuu, huku Tanga tuna matanuri matatu ya chokaa, mawili yanataka kuungana. Bei itapanda? Na huyu wa tatu ataumia au atafaidika?"

Mkuu, bei itapanda, na wa tatu ndiye atakayekula zaidi. Walioungana wanaweza hata kupata hasara kwa kuungana kwao. Hapo ndipo wengi wanapobisha, kwa hiyo tupige hesabu. Tarakimu ni za mfano, nimezichagua zigawike vizuri.

Chukulia kila tanuri linaamua tani ngapi litachoma kwa siku, halafu soko ndilo linapanga bei. Chokaa ni ileile, mnunuzi hajali imetoka kwa nani. Kuchoma tani moja, yaani mawe, kuni na vibarua, ni shilingi 100,000 kwa kila mmoja. Bei ya tani ni shilingi 220,000 ukitoa 1,000 kwa kila tani inayoingia sokoni siku hiyo.

Wakiwa watatu, kila mmoja anatulia kwenye tani 30. Jumla 90, bei 130,000, na kila tani inabakiza 30,000. Kwa nini asiongeze ya 31? Kwa sababu itashusha bei kwa 1,000 kwenye tani zake zote 30, yaani inamla 30,000, wakati yenyewe ingemletea 29,000 tu. Kila mmoja anapata 900,000 kwa siku.

Sasa wawili wanaungana. Zamani, tani ya ziada ya mmoja ilipomshushia bei jirani, hilo halikuwa lake. Leo jirani ni yeye mwenyewe, tani zinazoumia ni 60, kwa hiyo anapunguza. Akidhani wa tatu atabaki na 30 zake, hesabu inamwambia achome 45: bei inafika 145,000 na faida 2,025,000, kuliko 1,800,000 walizokuwa wanapata wawili. Hiyo ndiyo karatasi wanayoonyeshana siku ya kutia saini.

Kosa lipo kwenye neno "atabaki". Bei ikiwa 145,000, tani inampa wa tatu 45,000, wakati kuongeza moja kunamgharimu 30,000 tu. Anaongeza kuni. Bei inarudi chini kidogo, walioungana wanapunguza tena, naye anaongeza tena, mpaka wote wawili wanasimama kwenye tani 40. Jumla 80, bei 140,000. Wa tatu anatoka 900,000 kwenda 1,600,000 bila kuungana na yeyote. Walioungana nao wanapata 1,600,000, ila hiyo ni ya watu wawili waliokuwa na 1,800,000. Walishika theluthi mbili ya soko, sasa wanashika nusu.

Wachumi Salant, Switzer na Reynolds walilionyesha hili mwaka 1983: kwa mahitaji yanayoshuka kwa mstari ulionyooka na gharama sawa, muungano unalipa tu ukikusanya angalau asilimia 80 hivi ya makampuni. Wawili kati ya watatu hawafiki. Wawili kati ya wawili wanafika, maana hapo hakuna wa kuongeza kuni.

Basi kwa nini watu wanaungana? Angalia kwanza kama wa tatu anaweza kweli kuongeza. Tanuri lake likiwa na mwisho wa tani 30, ile karatasi ya 45 inakuwa sahihi: walioungana 2,025,000, naye 1,350,000. Kwa hiyo kabla ya kubashiri chochote, nenda kaangalie ukubwa wa tanuri lake na wapi anapata kuni.

Pili ni kuokoa gharama, na hapa tenganisha aina mbili. Wakiokoa mlinzi, ofisi na mhasibu mmoja, zaidi ya 200,000 kwa siku, muungano unawalipa, lakini bei inabaki 140,000 kwa sababu gharama hizo haziongezeki kwa tani. Wakiokoa kwenye tani yenyewe, shilingi 3,700 tu kila tani zinatosha kuwarudishia faida. Mnunuzi ndiye mgumu kuokolewa: kila 3,000 wanazookoa kwa tani zinashusha bei kwa 1,000 tu, hivyo ili irudi 130,000 lazima waokoe 30,000 kwa tani. Ni sawasawa na kile kilichokuwa kinabaki kwenye tani kabla ya kuungana, na si bahati, ni kanuni ya aina hii ya ushindani.

Kwenye 30,000 hiyohiyo wa tatu anarudi tani 30 na 900,000 zake. Walioungana wakiokoa chini ya hapo, wa tatu anafaidika, ikizidi ndipo anaumia. Kwa hiyo mkienda kutoa maoni Tume ya Ushindani, msikilizeni huyo wa tatu. Akilalamika kwamba atabanwa, huenda chokaa itashuka. Akinyamaza na kuanza kujenga tanuri jingine, nunueni mapema.