Kazi ikikatika, anza na saa ya kuamka

Hapa Malindi kazi za hoteli zina msimu wake. Aprili ikiingia na masika, Waitaliano wengi hurudi kwao, hoteli nyingi upande wa Casuarina hufunga au hupunguza watu, na mfanyakazi huambiwa arudi wageni wakirudi. Hilo tumelizoea na tunajipanga nalo. Kuambiwa usirudi tena ni jambo jingine. Mimi niliambiwa hivyo mwaka 2020, baada ya ndege za abiria kutoka nje kusimamishwa mwezi Machi. Baadaye shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye ni mpishi, naye akaachishwa. Tulikuwa tukiishi ua mmoja Muyeye, kwa hiyo niliyaona yake kwa karibu kuliko nilivyoweza kuyaona yangu.

Watu hudhani majonzi ya kukosa kazi ni majonzi ya pesa. Pesa ina sehemu yake, nitaifikia. Lakini kwa shemeji kilichoharibika mwanzo ni usingizi, na wakati huo malipo yake ya kuachishwa bado yalikuwa benki. Alizoea kuingia jikoni saa kumi na moja alfajiri kutayarisha chai ya wageni. Kazi ndiyo iliyompangia saa ya kulala, saa ya kula na watu wa kusalimiana nao. Ilipoondoka, hivyo vyote viliondoka pamoja nayo siku moja. Wiki ya kwanza aliendelea kuamka alfajiri kwa mazoea. Baada ya mwezi alikuwa akiamka saa nne, analala tena baada ya adhuhuri, alasiri yuko maskani na muguka, na saa tisa usiku namsikia akizunguka uani, macho makavu.

Mwili hupima saa zake kwa mwanga wa asubuhi na kwa saa ya kuamka. Ukiamka jua limeshapanda, na mchana ukalala saa mbili zaidi, usiku usingizi hauji hata ukizima taa mapema. Muguka nayo, kama miraa, ina kichangamsho kiitwacho kathinoni. Humtia mtu uchangamfu kwa saa chache, hukata hamu ya kula na kufukuza usingizi, kisha kikiisha huacha unyonge na hasira. Kwa hiyo ule uzito wa asubuhi ambao shemeji aliuita mawazo ya kazi, sehemu yake ilikuwa ni muguka ya jana.

Dada akimuuliza jioni, "Baba watoto, leo umeshindaje?" jibu lilikuwa moja: "Nipo tu." Jibu hilo lina historia ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mtafiti Marie Jahoda na wenzake walikichunguza kijiji cha Marienthal, Austria, ambako kiwanda cha nguo kilifungwa na familia nyingi zikakosa kazi. Mtu angetarajia wenye muda mwingi wasome zaidi, lakini vitabu vilivyoazimwa kwenye maktaba ya kijiji vilipungua sana. Wanaume walitembea polepole, wakisimamasimama njiani, na wakiulizwa wamefanya nini tangu asubuhi hawakuwa na la kusimulia. Siku isiyo na saa za kushikilia humnyima mtu hata nguvu ya kuutumia muda alio nao.

Tulichofanya kilikuwa kidogo. Nilimpa daftari la shule, nikamwomba kila jioni aandike alichofanya asubuhi, mchana, alasiri na usiku, na pembeni atie namba kati ya 0 na 10 kuonyesha moyo ulivyokuwa. Alilifanya kwa kunistahi tu. Baada ya wiki tulikaa nalo mkekani. Namba nyingi zilikuwa 2 na 3, lakini zilikuwapo 6 mara mbili. Moja ni asubuhi tuliyokwenda pamoja ufukweni kusubiri madau ya wavuvi na kununua samaki. Nyingine ni siku jirani alipokuwa na arusi, wakamwita asaidie pilau. Nilikuwapo: alisimama kwenye masufuria, akapanga makaa juu ya vifuniko, akainama kusikiliza mchele, na vijana wakawa wanamwuliza, "Fundi, tupunguze moto?" Sikuwa nimemwona akisimama wima vile kwa muda mrefu. Zile 1 zote zilikuwa asubuhi baada ya usiku wa maskani.

Kutokana na hapo mpango ukajiandika. Kuamka saa kumi na moja kila siku, hata kama usingizi umekuja saa nane, kwenda kuswali alfajiri msikitini na kutorudi kitandani, bali kutembea hadi jua litoke. Kulala mchana kusizidi nusu saa, na kuwe kabla ya alasiri. Kutafuta kazi, yaani simu, barua na kupita kwa watu, kuwe saa mbili hadi saa nne asubuhi, kisha basi, maana kuchungulia simu mchana kutwa ni kujiumiza. Muguka aliipunguza kwanza, baadaye akaiacha. Siku za mwanzo alijihisi vibaya zaidi, akisinzia kila anapokaa, na wengi hukatia tamaa hapo. Wiki ya pili usingizi wa usiku ukaanza kurudi. Usingoje hamu ndipo uinuke. Hamu huja nyuma ya kitendo.

Sasa pesa. Iliyomuumiza zaidi ni aibu, iliyomfanya apite kichochoro cha nyuma ili mwenye duka asimwone, na akose arusi kwa kuwa hana mchango. Hivyo ndivyo upungufu wa pesa unavyogeuka upweke. Mwendee mwenye duka wewe mwenyewe kabla hajakutafuta, umwambie unadaiwa kiasi gani na utalipa kidogo lini. Na ukiachishwa kwa kupunguzwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza, siku zako za likizo zilizobaki, na notisi ya mwezi au malipo yake. Ukipunjwa, ofisi ya kazi ndiko pa kuanzia.

Kuhusu jina, aliyekuwa "shefu wa hoteli fulani" bado ni mpishi. Jitaje kwa ufundi wako, na uufanye mbele ya watu japo mara moja kwa wiki.

Ratiba ina mpaka wake. Ikiwa huzuni au kutotamani chochote kumeshika karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na mtu hali chakula, anajilaumu kwa kila kitu, au anasema heri asingekuwapo, mpelekeni hospitali mkaeleze hivyo hivyo. Huo ni ugonjwa, huitwa sonona, na kwa wanaume mara nyingi hujitokeza kama ukali, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio. Wenye kutaka kusomewa wasomewe. Kisomo hakizuii dawa. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na haziachwi ghafla bila daktari. Akizungumzia kujiua msimwache peke yake. Nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199.

Nanyi mnaoishi naye, msimpokee kila jioni kwa "Umepata?" Dada yangu aliacha swali hilo akaanza kumtuma kwa saa maalumu: mtoto apelekwe chuoni saa nane, samaki waletwe kabla ya saa tatu.