Kupatwa kwa mwezi juu ya Zuhura yangu

"Mwezi wa Septemba 2025 ulipatwa juu ya Zuhura yangu ya kuzaliwa, nyuzi 16 za burji ya Hutu. Mbona usiku ule sikuona kitu?"

Usiku ule ulikuwa wa kutazama mwezi mwekundu pale Mama Ngina tu, dadangu. Ulipatwa tarehe 7 kwenye nyuzi 15, yaani uliikosa Zuhura kwa nyuzi moja. Ingezidi tatu ningekwambia usahau. Wanajimu husoma kama alama imewekwa hapo, nayo huamka sayari nyingine ikipita juu yake au robo duara kutoka kwake. Mtazame Mirihi. Mwishoni mwa Novemba alikuwa nyuzi 15 za Kausi, robo kamili, na karibu na 21 Machi 2026 akaikanyaga alama yenyewe. Angalia shajara ya wiki hizo: mapenzi, pesa, maneno ya mahari. Kama hamna kitu, hamna, usilazimishe.

– Mimi pia ni Hutu, basi limenipata?

– Jua lako likiwa nyuzi 2, hapana. Burji peke yake haitoshi.

– Bibi alisema athari hudumu miezi sawa na saa za kupatwa.

– Ptolemayo naye alisema hivyo, ila kwa nchi na miji, si mtu mmoja. Kwa hesabu hiyo, saa tatu na nusu zinaishia Desemba, na Mirihi wa Machi anatoka. Wengi siku hizi hungoja nusu mwaka. Mimi bado sijaamua.