Gemu ikidai MSVCP140.dll haipo, usilitafute faili hilo peke yake

Mara ya kwanza nilipoiona hitilafu hii nilikuwa nimemaliza tu kusakinisha gemu. Nikabofya, kikatokea kidirisha kinachosema MSVCP140.dll haipo. Nilifanya wanachofanya wengi: nikalitafuta faili hilo kwa jina, nikalipakua kutoka tovuti nisiyoijua, nikalibandika kwenye folda ya gemu. Ujumbe ukabadilika kuwa 0xc000007b, na gemu haikufunguka.

Faili la namna hii ni maktaba ya msimbo ambayo programu nyingi huitumia kwa pamoja. Waliotengeneza gemu kwa Visual C++ si lazima waiweke ndani ya gemu yao. Hutegemea iwepo tayari kwenye Windows. Isipokuwepo, gemu haianzi kabisa. Namba iliyo kwenye jina ndiyo inayokuonyesha kifurushi cha kutafuta: 140 ni Visual C++ ya 2015 na zilizofuata, 120 ni ya 2013, 100 ni ya 2010. Kuwa na kipya hakufuti haja ya kile cha 2013 au 2010, kwa hiyo usishangae kukuta vingi vimesakinishwa, wala usiviondoe kwa kudhani vimerudiwa.

Kosa langu lilikuwa kwenye biti. Gemu ilikuwa ya biti 32, nami nilikuwa nimeipa faili la biti 64. Programu ya biti 32 haiwezi kupakia maktaba ya biti 64, na 0xc000007b mara nyingi ndiyo dalili yake. Windows yangu ni ya biti 64, ndiyo maana nilidhani kila kitu lazima kiwe cha 64. Kinachoangaliwa ni gemu yenyewe.

Nililifuta lile faili, kisha nikapakua vifurushi viwili kutoka Microsoft: vc_redist.x86.exe kwa gemu za biti 32 na vc_redist.x64.exe kwa za biti 64. Sakinisha vyote viwili, havigombani. Kabla ya kupakua, chungulia kwanza folda ya gemu. Mara nyingi kuna folda ndogo iitwayo Redist au _CommonRedist yenye vifurushi hivyo hivyo. Nilipomaliza niliwasha kompyuta upya, nikahakiki kwa amri hii:

```
dir C:\Windows\SysWOW64\msvcp140.dll
```

Jina linachanganya: SysWOW64 ndiko yanakokaa mafaili ya biti 32, na System32 ndiko ya biti 64.

Nikabofya tena, na safari hii gemu ikadai d3dx9_43.dll. Windows hutaja upungufu bila kukuahidi kwamba ndio wa mwisho. Hilo si la Visual C++, ni la DirectX ya zamani, na DirectX 12 iliyomo kwenye Windows 10 na 11 haiji nalo. Linapatikana kwenye DirectX End-User Runtimes (June 2010), ambacho huongeza tu mafaili ya zamani bila kugusa DirectX mpya. Baada ya hicho, gemu ilifunguka.