Uwiano wa 2:1 usikudanganye: jinsi ya kusoma ukwasi na mikopo kwenye mizania ya duka

Mpe mwanafunzi wa diploma ya biashara mizania na kikokotoo, karenti reshio, yaani mali za muda mfupi ukizigawa kwa madeni ya muda mfupi, ataipata kabla hujamaliza kunywa chai. Kazi inaanza pale swali linaposema "toa maoni yako". Hapo karatasi nyingi ninazosahihisha zinaandika sentensi moja: "Uwiano ni 2:1, kwa hiyo biashara ina ukwasi mzuri." Yaani inaweza kulipa madeni yake yakifika. Kabla ya kuingia darasani nilifanya kazi kitengo cha mikopo cha benki, na kule sentensi kama hiyo isingevuka meza ya kwanza. Aliyekuwa juu yangu angeuliza tu: hizo mali za muda mfupi ni nini, na hayo madeni yanadaiwa lini?

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi. Ni la mfano, lakini limeumbwa na vitu nilivyokuwa nikiviona kwenye mafaili kila wiki. Mwenye duka ni mama mmoja, mahesabu yamefungwa tarehe 31 Desemba, na kila tarakimu hapa ni milioni za shilingi.

Stoku 96
Wadaiwa 40
Fedha benki na taslimu 8
Jumla ya mali za muda mfupi 144

Wadai wa bidhaa 60
Ovadrafti 10
Kodi 2
Jumla ya madeni ya muda mfupi 72

Mali za kudumu (jengo, gari, rafu) 128
Mkopo wa benki wa muda mrefu 90
Mtaji wa mwenye duka 110

Gawanya 144 kwa 72, unapata 2. Kila shilingi inayodaiwa ndani ya mwaka ina shilingi mbili nyuma yake. Ukiishia hapo umejibu swali la hesabu, bado hujajibu swali la biashara.

Hatua ya pili ni kutoa stoku, kwa sababu nondo haiwezi kulipa deni mpaka iuzwe, na ikiuzwa kwa mkopo bado hujapata pesa. Inabaki 48, ambayo ukiigawa kwa 72 ni 0.67. Huu ndio uwiano wa haraka. Ukiulinganisha na ule wa kwanza unaona kitu ambacho hakuna uwiano ungekuambia peke yake: theluthi mbili za mali za muda mfupi za mama huyu zimelala ghalani. Sentensi hiyo ndiyo msahihishaji anayoitafuta.

Halafu ingia ghalani kwenyewe. Sisi tulikuwa tunakwenda kweli, na daftari mkononi. Saruji iliyokaa zaidi ya miezi mitatu huanza kupoteza nguvu, na kama ghala lina unyevu mifuko ya chini unaikuta imeshaganda. Kuna rangi ambazo hazijaguliwa na fundi yeyote tangu zishushwe, makopo yana vumbi juu. Kanuni ya uhasibu inataka stoku iandikwe kwa gharama ya kununulia au kwa kiasi ambacho itauzika kweli ukishatoa gharama za kuiuza, kipi kidogo. Tuseme kwenye ile 96, bidhaa za 16 hazina mnunuzi. Kwa wadaiwa pia, omba orodha inayoonyesha kila deni lina umri gani. Kwenye ile 40 tunakuta 12 za mkandarasi mmoja aliyechukua bati na nondo mwaka juzi, na kila akipigiwa simu anasema anasubiri kulipwa. Hizo 12 ziko kwenye vitabu, lakini hazitalipa mtu.

Upande wa madeni ndiko kwenye jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Mkopo wa 90 umeandikwa wote kuwa ni wa muda mrefu. Fungua ratiba ya marejesho: 30 kati yake inatakiwa ndani ya miezi 12 ijayo. Kiasi hicho ni deni la muda mfupi, na kanuni za kutayarisha mahesabu zinataka kihamishwe huko. Wenye maduka wengi hawakihamishi, na wanafunzi wengi hawakitafuti kwa sababu kwenye mtihani kinafichwa kwenye maelezo chini ya mizania, mstari mmoja tu: "mkopo unalipwa kwa mafungu matatu sawa ya mwaka". Ukiona maneno hayo, simamisha kalamu kwanza.

Sasa piga upya. Madeni ya muda mfupi ni 72 na 30, yaani 102. Mali za muda mfupi ni 144 ukitoa 16 na 12, yaani 116. Uwiano ni 1.14. Toa stoku iliyobaki ya 80, inabaki 36, na uwiano wa haraka unakuwa 0.35. Duka ni lile lile, tarehe ni ile ile.

Kuna mchezo mmoja wa mwisho wa mwaka ambao ni vizuri uujue, maana huulizwa na hutendwa. Rudi kwenye tarakimu za kwanza, 144 kwa 72. Mama anachukua zile 8 zote alizonazo benki na taslimu, anawalipa wadai jioni ya tarehe 31. Mali zinashuka hadi 136, madeni hadi 64, na karenti reshio inapanda hadi 2.13. Amebaki hana shilingi, na uwiano umekuwa mzuri zaidi! Sababu ni ya hesabu tu: uwiano ukiwa juu ya 1, ukipunguza kiasi kile kile juu na chini, unapanda; ukiwa chini ya 1, unashuka. Ndiyo maana uwiano wa haraka, uliokuwa 0.67, kwa tendo hilo hilo unashuka hadi 0.63. Ukikuta moja unapanda na mwingine unashuka karibu na kufunga mwaka, uliza benki ilikuwa na kiasi gani Januari.

Tuje kwenye kile mnachokiita darasani giaringi, yaani sehemu ya fedha ya biashara inayotoka kwa wakopeshaji ikilinganishwa na ya mwenyewe. Andika fomula yako kabla ya kitu chochote. Mkopo gawanya kwa mkopo pamoja na mtaji, 90 kwa 200, ni 45%. Mkopo gawanya kwa mtaji peke yake, 90 kwa 110, ni 82%. Majibu yote mawili ni sahihi na yanasema jambo moja, ila aliyepata 82% akailinganisha na kipimo cha 50% ambacho ni cha fomula ya kwanza, amepotea kabisa. Na lile fungu la 30 tulilolihamisha? Kwa giaringi linabaki kuwa mkopo, usilitoe. Wapo wanaoongeza na ovadrafti, hasa ile ambayo haijawahi kufika sifuri mwaka mzima, na mimi niko upande wao.

Halafu rudisha hasara za ghalani. Zile 28 za stoku na mdaiwa zikifutwa, anayebeba ni mtaji, kwa sababu benki haifuti deni lake eti saruji imeganda. Mtaji unashuka hadi 82, na 90 kwa 172 ni 52%. Mama hajakopa hata shilingi moja mpya, lakini biashara imevuka nusu. Ndiyo maana sipendi kuona ukwasi na mikopo vikijibiwa kama maswali mawili yasiyojuana.

Asilimia hiyo, hata hivyo, haikuambii kama mkopo unabebeka. Kwa hilo unahitaji faida kabla ya riba. Tuiache kando ile hasara ya 28, maana ikiingizwa mwaka huu faida yote inaisha, tutazame biashara ya kawaida tu: faida kabla ya riba ni 24, na riba ya mkopo pamoja na ovadrafti ni 18. Gawanya 24 kwa 18, ni mara 1.33. Sasa mauzo yayumbe kidogo, faida hiyo ipungue kwa robo, iwe 18. Duka lisilo na mkopo lingepoteza robo ya faida yake. Hili linapoteza yote, kwa sababu riba haipungui mvua ikinyesha na ujenzi ukisimama.

Na riba si mwisho. Baada ya kuilipa, mama amebaki na 6. Ongeza uchakavu wa 8, ambao umekatwa kwenye faida bila pesa kutoka mfukoni, anapata 14. Kodi ya mwaka huu sijaitoa, wala hajachukua ada ya watoto. Fungu la mkopo ni 30. Pengo ni 16, na litazibwa kwa njia ambazo kila afisa mikopo anazijua: wadai wa bidhaa wanacheleweshwa, ovadrafti inapanda, au stoku inayotoka hairudishiwi na rafu zinaanza kuwa na mapengo. Ukipewa mahesabu ya miaka miwili, tafuta dalili hizo. Wadai wakipanda kutoka 60 hadi 75 huku mauzo hayajaongezeka, hapo mkopo wa muda mrefu unalipwa kwa pesa za msambazaji wa saruji.

Tahadhari moja, msije mkaanza kuogopa kila uwiano ulio chini. Supamaketi inauza taslimu leo na kumlipa msambazaji baada ya wiki kadhaa. Inaweza kuishi vizuri na uwiano chini ya 1. Duka la pembejeo ukilipima ghala limejaa kabla ya msimu, kisha ulipime baada ya mbolea kuuzwa, utadhani ni biashara mbili. Linganisha na biashara ya aina hiyo hiyo, au na duka lenyewe mwaka uliopita, kwa tarehe ile ile.

Mimi kwenye karatasi ningetaka kusoma kitu kama hiki: "Karenti reshio ya 2:1 inaonekana nzuri, lakini theluthi mbili za mali za muda mfupi ni stoku, na uwiano wa haraka ni 0.67. Fungu la mkopo la milioni 30 linalodaiwa ndani ya mwaka halijahamishwa. Likihamishwa, uwiano ni 1.41 na 0.47, hata kabla ya kufuta stoku mbovu na mdaiwa asiyelipa. Mkopo ni 45% ya fedha za biashara, lakini faida inafunika riba mara 1.33 tu, na pesa zinazobaki hazitoshi kulipa fungu hilo. Ningeshauri mwenye duka aombe benki irefushe muda wa marejesho kabla hajachelewa fungu la kwanza, na asiagize stoku mpya ya rangi mpaka ya zamani iishe." Mistari kama minane, haizidi ukurasa, na kila namba ndani yake ina kazi.