Jinsia ya maneno ya Kifaransa yanayoishia na -age

"Nitajuaje, kwa kuangalia mwisho wa neno, kama ni la kiume au la kike?"

Wapo wanaojibu kwamba kila neno linaloishia na -e ni la kike, lakini wamepatia nusu tu, kwa sababu mwisho -age kwa kawaida ni wa kiume, kama katika le garage na le village. Ondoa -age uone kinachobaki: gar- ni shina la garer, yaani kuegesha gari, na vill- ni la ville, mji. Katika la plage, la page na la cage hakibaki kitu chenye maana, na yote ni ya kike. Linalonasa wengi ni l'image, kwani l' huficha jinsia. Nalo ni la kike, hivyo likariri kama une image. Hata hivyo, le fromage hukiuka kipimo hiki: ukiondoa -age hakibaki kitu chenye maana, lakini ni la kiume.